Waliokosekana kwa Udhuru

Sera ya Ujumuishi na Fursa Sawa ya kampuni yetu ilitundikwa juu ya ngazi. Ilikuwa juu kabisa, baada ya kukanyaga vidato kumi na tisa vya saruji, ukutani mkabala na mlango wa chumba cha mikutano, ndani ya fremu ya rangi ya dhahabu. Mimi ndiye niliyeiandika, na mimi ndiye niliyeshika stuli wakati fundi anapiga msumari. Nilirudi nyuma hatua mbili, nikaitazama, nikajipongeza. Haikunijia hata kidogo kwamba mtu mmoja ambaye sera ile ilimtaja karibu kila aya asingeweza kupanda kuisoma.

Jengo letu ni la zamani, katikati ya mji wa Tabora, lenye kuta nene ambazo ukigongelea msumari zinamwaga mchanga. Chini ni ghala, mizani na maabara ndogo. Juu ni ofisi. Tunanunua asali kwa wafugaji nyuki wa Ulyankulu, Urambo, Bukene, mpaka Choma, tunaichuja, tunaipima na kuiuza nje. Mimi ni afisa utumishi. Maana yake ni kwamba mtu akiajiriwa, akionywa, akipandishwa cheo au akifiwa, karatasi yake inapita mezani kwangu.

Sera yenyewe haikuletwa na uchungu wa mtu yeyote. Ililetwa na barua pepe. Mteja wetu wa ng'ambo aliuliza kama tunayo, meneja mkuu akajibu papo hapo kwamba tunayo siku nyingi, kisha akaniita.

"Mama, iandike. Ijumaa iwe tayari."

"Nianzie wapi, bosi?"

"Wanawake, walemavu, makabila. Uwachanganye vizuri."

Niliwachanganya vizuri. Nilipomaliza, ikabidi tuwe na Kamati ya Ujumuishi, na kwenye kamati tulihitaji sura. Hapo ndipo tulipomkumbuka dada wa maabara, na meneja mkuu alifurahi kama aliyeokota mali barabarani.

Dada huyo alikuwa mpimaji wa asali. Alikuwa na miaka thelathini na minne, polio ilimpata utotoni na alitembea kwa magongo mawili. Alizaliwa Ulyankulu, katika familia ya wakulima Wakatoliki waliotoka Burundi miaka ile ya ukimbizi, wakapata uraia, wakabaki. Yaani alikuwa mwanamke, mlemavu, na wa jamii ambayo mjini watu huitaja kwa kushusha sauti. Vigezo vitatu ndani ya mtu mmoja. Meneja mkuu alisema mbele yangu, bila aibu, kwamba huyo peke yake anatutosha. Tulimpiga picha akiwa ameshika chupa ya asali, tukaiweka kwenye kalenda, na kwa mwaka mzima alitabasamu kwenye ofisi za watu ambao hawakuwahi kumsalimia.

Kazi yake aliijua hasa. Alikuwa na kile kipima unyevu cha mkononi: unadondosha tone la asali kwenye kioo chake, unakielekeza kwenye mwanga, unachungulia. Asali yenye maji mengi huchacha, na ikichacha ndani ya pipa likiwa safarini hakuna wa kuirudisha. Meneja mkuu alikuwa na njia yake mwenyewe ya kupima, ya kuchovya kidole, kulamba na kufumba macho. Siku moja alilamba, akafumba, akasema mzigo upakiwe. Dada wa maabara alichungulia kipima chake akasema haupakiwi. Walibishana pale mizani makuli wakisikiliza. Mzigo ukawekwa pembeni, na baada ya wiki chache mapipa yakaanza kutoa povu kwenye vifuniko. Nadhani ni siku hiyo ndipo alipopata adui, ila sisi wote tulidhani amepata heshima.

Mkuu wa kitengo cha ubora alipostaafu, dada akaambiwa akaimu. Alikaimu mwaka mmoja, wa pili, wa tatu. Kukaimu kwa ofisi yetu kuna maajabu yake. Mwanamume akikaimu, watu huuliza anathibitishwa lini. Mwanamke akikaimu, watu husema anajitolea sana.

Kwa kukaimu, akawa mjumbe wa kikao cha uongozi cha kila mwezi. Na kikao kilikuwa juu.

Mara ya kwanza alipanda. Sitasahau. Aliyaegemeza magongo ukutani, akaketi kwenye kidato cha kwanza akiwa ameipa ngazi mgongo, akajisukuma kwa mikono, kidato kimoja kimoja, vyote kumi na tisa, mimi nikimfuata na magongo yake kama mpambe. Chini makuli waliacha kupakia wakatazama. Alipoingia chumbani, sketi yake nyeusi imejaa vumbi kwa nyuma, wajumbe wote walisimama wakapiga makofi. Nami nilipiga. Nilikuwa na machozi kabisa, na niliyaona kuwa machozi ya wema. Yeye alikaa, akafungua daftari lake, akasubiri makofi yaishe. Wakati wa kushuka aliniambia, "Dada, sipandi tena. Kikao kikishuka, nitahudhuria."

Nilimweleza meneja mkuu. Akasema ni wazo zuri, liingizwe kwenye mpango. Likaingizwa kwenye mpango.

Kwa hiyo tukabuni utaratibu wetu. Siku ya kikao, dada alikaa chini, kwenye benchi la pembeni ya mizani, na majalada yake mapajani. Juu wakifika kwenye ajenda ya ubora, mimi nilitoka mpaka kichwa cha ngazi nikaita, "Wanauliza, asali ya Bukene ikoje mwezi huu?" Yeye akajibu kwa sauti. Mimi nikarudi ndani nikasema, nikaandika: kikao kilielezwa kwamba asali ya Bukene ni nzuri ila vyombo vya kubebea vina kutu. Wakiuliza tena, natoka tena. Kuna kikao nilitoka mara saba. Simu zilikuwepo, lakini mtandao wa ndani ya kuta zile unajulikana, na isitoshe hakuna aliyejisumbua.

Sasa, mwanzo wa kila muhtasari kuna orodha mbili: waliohudhuria, na waliokosekana kwa udhuru. Niliwaza nimweke wapi. Kwenye waliohudhuria hakuwepo. Kuandika kwamba hakuweza kupanda ngazi niliona ni kumdhalilisha mtu wa watu. Sisi tuliolelewa Isevya, mtaa wa hapa mjini, tumefundwa kusitiri. Mtu akilewa tunasema anaumwa, akifukuzwa kazi tunasema kapumzika. Nikamwandika kwa udhuru, kwa mwandiko mzuri, na nikaona nimemfanyia hisani. Aliwahi kuniuliza kutoka kwenye benchi, "Dada, umeniandikaje?" Nikamjibu, "Nimekuandika vizuri, mdogo wangu."

Nilimwandika vizuri hivyo kwa miaka mitatu.

Kisha nafasi ikatangazwa rasmi: mkuu wa kitengo cha ubora. Waliobaki mwishoni walikuwa wawili, dada wa maabara na bwana mmoja wa mauzo, mtu wa upande wa kwao meneja mkuu, mwenye suti tatu na mchango wake mkubwa vikaoni ukiwa ni kumalizia sambusa. Nilijua wapi upepo unavuma. Nikaamua kuwashika kwa namba. Nilitengeneza fomu ya vigezo vitano, kila kimoja alama ishirini: elimu, uzoefu, tathmini ya utendaji kazi, usaili, na ushiriki katika vikao vya uongozi. Cha tano nilikitunga mwenyewe. Nilifikiri kitambana yule wa sambusa, kwa kuwa hakuwa na la kusema. Sikufikiri kwamba ushiriki ungehesabiwa kwa orodha ya mahudhurio.

Usaili tuliufanyia chini, ghalani, na meneja mkuu alianza kwa kujisifu kwamba wao wamemshukia mgombea. Baada ya hapo akauliza swali la kwanza.

"Kwenu hasa ni wapi?"

"Ulyankulu," dada alijibu.

"Hapana, kwenu hasa."

"Ulyankulu, nyuma ya kanisa."

"Namaanisha kabla ya hapo."

"Kabla ya hapo nilikuwa sijazaliwa, bosi."

Mimi nilikuwa katibu wa jopo. Kazi yangu ilikuwa kusema swali hilo haliulizwi, sheria ya kazi inakataza kumpima mtu kwa kabila au anakotoka. Nilikoroga chai ambayo haikuwa na sukari. Na mimi ni nani wa kukaa kimya? Babu wa babu yangu alikuja hapa na msafara kutoka pwani, akauza nguo, akaoa, akasahau kurudi. Mji huu wote ni wa watu waliokuja na msafara wakasahau kurudi. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza kwetu hasa ni wapi. Waliotangulia kufika walishajigawia jina la wenyeji, na mimi nikiwemo.

"Kazi hii ina safari za vijijini," meneja mkuu akaendelea. "Mume wako anasemaje?"

"Mume wangu hajaomba kazi hii."

Bwana wa mauzo alipoingia hakuulizwa kwao, kwa kuwa kwao kulijulikana; aliulizwa tu hali ya huko. Mkewe pia hakutajwa.

Tukajumlisha. Kwa vigezo vinne dada alikuwa na sabini na mbili, bwana wa mauzo hamsini na saba. Nilikuwa nimeshaanza kufurahi. Kisha meneja mkuu akavuta jalada la mihtasari, akalamba kidole kama anavyolamba asali, akaanza kufunua. "Kwa udhuru. Kwa udhuru. Kwa udhuru. Hapa tena, kwa udhuru." Alifunua yote. Ule muhtasari mmoja wa siku ya vumbi na makofi haukutosha kumpa hata alama moja. Bwana wa mauzo hakukosa kikao hata kimoja. Ishirini kwa sifuri. Alimshinda dada kwa alama tano.

"Namba zimesema," meneja mkuu akasema, na akaniangalia kwa mapenzi. "Fomu yako nzuri sana, mama."

Barua ya kumjulisha niliiandika mimi, nikaipeleka mimi. Nilimkuta maabara anakausha vioo vyake.

"Shikamoo dada," akanisalimu.

"Marahaba."

Aliisoma akiwa ameegemea meza. Akaomba kuona mchanganuo wa alama, na hilo ni haki yake, nikamwonyesha. Kidole chake kilishuka mpaka kwenye sifuri kikakaa hapo.

"Udhuru gani, dada?"

Nilijifanya natafuta kalamu.

"Nilikuwa naumwa? Nilifiwa? Nilisafiri? Miaka mitatu nimekaa hapo kwenye benchi najibu maswali yenu mpaka koo linakauka. Udhuru gani?"

"Nilitaka kukusitiri."

"Kunisitiri na nini? Magongo yangu kila mtu anayaona. Ulichokisitiri ni ngazi zenu."

Ningependa kuandika kwamba nilimkumbatia. Nilitoka nikaenda kujifungia stoo ya vifaa, nikalia kwa hasira, na hasira yenyewe mwanzoni ilikuwa ya kumwona yeye hana shukrani. Ilichukua kama robo saa kugeuka na kunirudia mwenyewe.

Dada aliandika lalamiko kwa ufupi, akitaka uamuzi upitiwe upya, na akasema asiporidhika ataupeleka kwa wasuluhishi wa migogoro ya kazi. Kikao cha kusikiliza kikapangwa wiki iliyofuata. Mimi niliubeba mzigo wa mihtasari nikaanza kuisoma yote, jambo ambalo nadhani hakuna aliyewahi kulifanya. Na nikaona kitu ambacho mkono wangu uliandika bila kichwa kujua. Kila ukurasa kulikuwa na "kikao kilielezwa". Kikao kilielezwa kwamba unyevu wa asali ya Urambo umepanda. Kikao kilielezwa kwamba mapipa ya awali yasitumike. Kilielezwa na nani? Hakuna mwenye sauti. Ukimtafuta msemaji kati ya waliohudhuria humpati, kwa sababu alikuwa chini kwenye benchi na juu kwenye orodha ya udhuru. Maamuzi yote ya ubora ya miaka mitatu yalitolewa na mtu ambaye kwa karatasi zangu hakuwepo.

Kikao cha lalamiko kilikaa chini, safari hii bila hotuba. Meneja mkuu alikuja na suluhisho. Alisema yeye ni mtu wa ujumuishi, na amefikiria sana. Tuna makuli wanne wenye nguvu. Kuanzia mwezi ujao, siku ya kikao, watamweka dada kwenye kiti na kumbeba mpaka juu, na kushuka naye. Mahudhurio yake yaanze kuhesabiwa hapo, na nafasi nyingine ikitokea, aombe.

"Ni mila ya hapa pia," akaongeza, akicheka. "Unyamwezi ni nchi ya wapagazi."

Dada alimtazama mpaka kicheko kikaisha chenyewe.

"Wapagazi walibeba pembe za ndovu, bosi. Mimi si pembe. Na mkinibeba, mkichoka mtaniweka kidato cha ngapi?"

Bwana wa mauzo, aliyekuwa pale kama mhusika, alikohoa akatazama viatu vyake. Mimi nikafungua jalada. Niliwaambia naomba kusahihisha kumbukumbu, kwa kuwa mwandishi ni mimi na kosa ni langu. Nikasoma kila "kikao kilielezwa", na baada ya kila kimoja nikasema, "Na aliyeeleza ni yeye." Nilisoma muda mrefu. Kisha nikasema kigezo cha tano nilikitunga vibaya. Kigezo kinachoonekana sawa kwa wote lakini kinamwangusha mtu kwa sababu ya ngazi ni ubaguzi kama ubaguzi mwingine, na sheria inakataza wa mlango wa mbele na wa mlango wa nyuma. Mwajiri ndiye anayetakiwa kurekebisha mahali pa kazi ili mfanyakazi afanye kazi yake. Hatukurekebisha, kisha tukamkata alama kwa kutorekebisha kwetu. Sifuri ile ni yetu. Nikasema pia kwamba maswali mawili ya usaili hayakustahili kuulizwa, na kwamba nilikuwepo na nilinyamaza.

"Mama," meneja mkuu akasema polepole, "wewe uko upande gani?"

"Wa fomu, bosi. Uliisifu mwenyewe."

Hapo dada alicheka, mara ya kwanza wiki hiyo.

Nataka msomaji asidhani kwamba haki ilimgusa mtu moyo. Kilichomgusa meneja mkuu ni kwamba mteja wa ng'ambo alikuwa anatuma mkaguzi wake kuja kuiona Sera ya Ujumuishi kwa macho, na mkaguzi huyo angetaka kuongea na yule dada wa kwenye kalenda. Kigezo cha tano kikafutwa. Usaili ukarudiwa na jopo jipya, mmoja wa wajumbe akitoka nje ya kampuni, na maswali yakiandikwa kabla na kuwa yale yale kwa wote wawili. Dada akashinda kwa mbali zaidi ya mwanzo. Bwana wa mauzo alimpa mkono, akamwambia alikuwa anaogopa kweli kile kipima unyevu. Barua ya kuthibitishwa nikaiandika, nikaipeleka mimi, na safari hii nilikaa mpaka akaimaliza kuisoma.

Sharti lake lilikuwa moja tu, na liliingia kwenye barua: vikao vya uongozi vifanyike chini. Tukasafisha chumba cha pembeni ya maabara, tukatia meza. Fremu ya dhahabu nayo ikashushwa. Ilipong'olewa, ilitoka na kipande cha plasta.

Kikao cha kwanza cha chini kilikuwa saa nne asubuhi. Tulikaa wote, harufu ya asali ikituingia kutoka ghalani. Kiti cha meneja mkuu kilikuwa kitupu. Tulisubiri. Juu ya vichwa vyetu tulisikia hatua zake zikitembea ofisini kwake, zikienda dirishani, zikirudi. Nilimtuma mhudumu akamwite. Akarudi kusema bosi yuko na shughuli, na anasema tukiwa na swali tupande.

Wajumbe wakatazamana. Hakuna aliyesimama. Makamu wake akafungua kikao, na mimi nikachukua kalamu, nikaandika waliohudhuria, nikianza na jina la dada. Nikafika kwenye orodha ya pili. Mkono, kwa mazoea yake ya miaka, ukaandika "kwa u".

"Dada," mkuu wa kitengo cha ubora aliniita kutoka upande wa pili wa meza, taratibu, bila hasira. "Umemwandikaje?"

Nilikata nilichoandika. Nikaandika: meneja mkuu yupo ghorofani, hakushuka.